Shajara ya mradi: nukta ya desimali kwenye kikaratasi cha dawa

Machi 4. Kazi yenyewe na kipimo cha kwanza

Kazi ni kuchukua vikaratasi vya maelezo vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kuviskani, kuyatoa maandishi yake kwa programu ya kusoma herufi, kisha kuyachapa upya kwa herufi kubwa kwa ajili ya wazee na watu wenye uoni hafifu. Mfamasia hupitia kila ukurasa kabla haujatoka. Shajara hii inafuatilia upande wa picha tu, maana humo ndimo kazi inamokwama.

Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2009 kuhusu maelezo ya dawa unataka herufi zisipungue pointi 9 kwa kipimo cha fonti ya Times New Roman. Vikaratasi vingi tulivyo navyo haviko hata karibu na hapo. Tumechagua kimoja kiwe cha majaribio: kikaratasi cha vidonge vya digoksini, fonti ya aina ya Times, pointi 5. Tumekichagua kwa sababu dozi za digoksini ni ndogo na zimejaa desimali: mikrogramu 62.5, miligramu 0.125, miligramu 0.25. Neno likikosa herufi moja, msomaji hulikisia na kulipata. Namba haikisiwi. 62.5 ikipoteza nukta inakuwa 625, na namba hiyo haina dalili yoyote ya kukuonyesha kwamba imekosewa.

Kwa hiyo kipimo chetu cha picha si "je, maneno yanasomeka?" Ni "je, nukta ya desimali inaonekana, na je, tunaweza kuitofautisha na uchafu?"

Pointi moja ni milimita 0.353, kwa hiyo pointi 5 ni kama milimita 1.76. Hicho ni kimo cha nafasi nzima iliyotengewa herufi kwenye mstari, si cha herufi yenyewe. Kimo cha herufi ndogo zisizo na mkia wala kichwa hupimwa kwa herufi x, lakini kwenye maandishi ya Kiswahili x haipo, kwa hiyo tunapima n au u. Kwenye kikaratasi hiki kimo hicho ni milimita 0.79. Nukta ina kipenyo cha milimita 0.19. Sehemu nyembamba kabisa za herufi, kama kile kijistari cha mlalo ndani ya e, zina unene wa milimita 0.07 hivi. Vipimo hivi vitatu vimeandikwa ukutani juu ya skana, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unalinganishwa navyo.

Machi 6. Piseli ngapi zinaangukia kwenye nukta

Tarakimu ya dpi, yaani piseli kwa inchi, inayoandikwa kwenye faili haituambii lolote peke yake. Picha yoyote unaweza kuibandika lebo ya 600 bila kuiongezea piseli hata moja:

```
magick picha.jpg -units PixelsPerInch -density 600 picha2.jpg
```

Idadi ya piseli ni ile ile, lebo ndiyo mpya. Kinachohesabiwa ni piseli kwa milimita ya karatasi halisi. Namna ya kujua ni kuweka rula ndani ya picha, kuhesabu piseli kati ya alama ya 0 na ya milimita 50, kisha kugawa kwa 50. Skana iliyowekwa 300 dpi inatoa piseli 11.8 kwa milimita, na ya 600 inatoa 23.6.

Tukirudi kwenye vipimo vya ukutani: kwa 300, kimo cha n ni piseli 9 na kidogo, nukta ni piseli 2.2, na kijistari cha e hakifiki piseli 1. Kwa 600, n ni karibu 19, nukta ni 4.5, kijistari ni 1.7.

Maelezo ya zamani ya Tesseract, programu yetu ya kusoma herufi, yanasema kimo cha herufi ndogo kikiwa chini ya piseli 10 matumaini ya kupata matokeo sahihi ni madogo sana, na chini ya 8 maandishi mengi hufutwa yakidhaniwa ni uchafu. Kiwango kizuri ni karibu na 20. Kwa hiyo 300, ambayo watu wengi huichukua kama kiwango cha kutosha, inatosha kwa pointi 10 lakini kwa pointi 5 tayari tumeshavuka mpaka.

Wahifadhi wa nyaraka wana kanuni yao, iliyotokana na kazi za mikrofilamu, na Chuo Kikuu cha Cornell kiliitumia katika miaka ya 1990 kuamua namna ya kuskani vitabu vilivyochakaa. Kwa picha ya kijivu iko hivi:

```
QI = dpi × 0.039 × h ÷ 2
```

QI ni kiashiria cha ubora, na h ni kimo cha e ndogo kuliko zote, kwa milimita. Kwa picha ya nyeusi na nyeupe tupu, isiyo na kijivu, unagawa kwa 3 badala ya 2. Jibu la 8 ni bora sana, 5 ni zuri, 3.6 ni la kubahatisha. Kikaratasi chetu kwa 300 kinapata 4.6, kwa 400 kinapata 6.2, kwa 600 kinapata 9.2.

Kanuni hii ni nzuri, lakini imejengwa juu ya herufi e, na e ina maneno yanayoizunguka ya kuisaidia. Nukta haina. Tuliskani mstari ule ule wa dozi mara kadhaa kwa 300, kila mara tukisogeza karatasi kidogo tu. Safari moja nukta iliangukia katikati ya piseli ikatoka doa jeusi la kueleweka. Safari nyingine iliangukia kwenye makutano ya piseli nne, weusi wake ukagawanyika, yakatoka madoa manne ya kijivu hafifu. Karatasi ile ile, skana ile ile. Jambo linalotegemea bahati ya karatasi ilivyolala kwenye kioo halikubaliki kwa dozi ya dawa.

Uamuzi: 600, picha ya kijivu, PNG au TIFF. Ukurasa wa A4 unakuwa piseli milioni 35, yaani takriban megabaiti 35 kabla ya kubanwa. Hatuskani kamwe kwa mpangilio wa nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu hapo skana ndiyo inayoamua kipi cheusi kipi cheupe, na kijivu ilichokitupa hakirudi.

Machi 11. Weusi hafifu na maandishi ya upande wa pili

Leo tumesoma thamani za piseli moja moja, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 255 nyeupe kabisa. Karatasi tupu ilikuwa 215. Wino kwenye kichwa cha habari, chenye herufi nene, ulikuwa 45. Wino ni ule ule kwenye nukta, lakini piseli nyeusi kuliko zote ndani ya nukta ilisoma 150 kwa 300 dpi, na 80 kwa 600 dpi.

Hapa ndipo wingi wa piseli na tofauti ya weusi na weupe zinapokutana, na watu wengi huzichukua kama mambo mawili yasiyohusiana. Piseli inayofunika nusu wino na nusu karatasi haioni nusu na nusu. Inachanganya na kutoa kijivu kimoja. Alama ikiwa ndogo kuliko piseli mbili tatu, sehemu yake kubwa ni mchanganyiko huo. Kichwa cha habari kilitofautiana na karatasi kwa hatua 170. Nukta kwa 300 ilitofautiana kwa hatua 65 tu. Haikuchapwa kwa wino hafifu. Imepimwa kwa kijiko kikubwa mno.

Hatua 65 zingetosha kama karatasi ingekuwa safi. Haiko safi. Vikaratasi hivi huchapwa kwenye karatasi nyembamba ili vikunjike na kuingia kwenye boksi, na maandishi ya upande wa pili yanapenya. Kwenye picha ya kwanza maandishi hayo ya nyuma yalisoma 175. Kwa hiyo programu inayotaka kuweka mpaka kati ya weusi na weupe ilibaki na nafasi finyu, kati ya 150 ya nukta ya kweli na 175 ya kivuli cha nyuma. Ikiweka mpaka juu kidogo, vivuli vinageuka nukta. Ikiuweka chini kidogo, nukta inapotea.

Dawa yake ni karatasi nyeusi. Mfuniko wa skana kwa ndani ni mweupe: mwanga unapenya kikaratasi, unagonga mfuniko, unarudi ukiwa umepitia maandishi ya nyuma, ndiyo maana yanaonekana. Ukiweka kadi nyeusi isiyong'aa nyuma ya kikaratasi, mwanga uliopenya unamezwa na haurudi. Tulipofanya hivyo karatasi nzima ilishuka kutoka 215 hadi 190, ambalo si tatizo kwa sababu imeshuka sawasawa, na vivuli vya nyuma vikasoma 184. Vimebaki hatua 6 tu mbali na karatasi. Hakuna kitufe cha programu kilichotupa faida kubwa kama kadi hii, na inapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya shule.

Kuongeza tofauti kwa kusogeza kitelezi baada ya kuskani hakufanyi kazi hiyo. Kitelezi kinatanua hatua zilizopo: nukta inakuwa nyeusi zaidi, na kivuli cha nyuma nacho kinakuwa cheusi zaidi kwa uwiano ule ule.

Kwa vikaratasi vilivyopigwa muhuri mwekundu juu ya maandishi, skani kwa rangi kisha chukua chaneli nyekundu peke yake:

```
magick ukurasa.png -channel R -separate nyekundu.png
```

Muhuri mwekundu unafifia karibu kupotea, wino mweusi unabaki. Chaneli hiyo hiyo inasaidia kwa karatasi iliyogeuka njano, kwa kuwa umanjano unaitia giza zaidi chaneli ya buluu. Lakini kikaratasi chenyewe kikiwa kimechapwa kwa wino mwekundu, chaneli hii itayafuta maandishi yote. Hapo tumia ya kijani au ya buluu.

Machi 14. Ukungu kwenye mikunjo

Kurasa za kwanza za 600 zilikuwa nzuri isipokuwa mistari miwili mitatu inayopita kwenye mkunjo. Pale herufi zilitanuka na kupauka kana kwamba zimelowa.

Skana ni ya aina nyembamba, inayopata umeme kwa waya wa USB peke yake. Skana hizo huwa na kitambuzi kilicho karibu kabisa na kioo, na huona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Mkunjo ukiinua karatasi milimita moja na nusu, eneo hilo limeshatoka kwenye fokasi. Skana nene za zamani, zenye kioo cha kuakisi na lenzi ndani, huvumilia zaidi. Tulijaribu kikaratasi hicho kwenye mojawapo, na mkunjo ulisomeka ingawa lebo yake ilikuwa na dpi ndogo kuliko ya hii mpya.

Utaratibu tuliouweka: kikaratasi kinakunjwa kinyume kwa wepesi, kinalazwa chini ya vitabu vizito usiku kucha, kisha kwenye skana kinawekwa kadi nyeusi na juu yake sponji bapa ili mfuniko ukandamize sawasawa. Mkunjo ambao bado umeinuka unaskaniwa peke yake huku ukikandamizwa kwa kidole juu ya sponji.

Ili tusibishane kuhusu picha ipi "kali", tunapima ukingo. Chukua kitu chenye ukingo ulionyooka na wino mzito, mfano mstari mnene wa jedwali. Soma piseli kwa mfululizo kutoka karatasini kuingia kwenye wino na uhesabu ni ngapi zinatumika kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90 ya mteremko. Kisha geuza ziwe milimita. Kwa 600, sehemu iliyogusa kioo ilitumia piseli 3, yaani milimita 0.13. Juu ya mkunjo zilikuwa 7, yaani milimita 0.30.

Linganisha na nukta ya milimita 0.19. Ukingo wenye upana wa 0.13 unaiacha nukta ikiwa na kitovu cheusi. Ukingo wa 0.30 ni mpana kuliko nukta yenyewe, kwa hiyo nukta haina mahali pa kufikia weusi wake. Inapakwa juu ya karatasi na kuyeyuka. Kwa mtazamo huu maswali mengi yanajibika kwa haraka. Mtu akiuliza kwa nini tusitumie 1200, tulipima: ukingo ulikuwa piseli 5, yaani milimita 0.11. Faili limekuwa kubwa mara nne, ukingo umepungua kwa milimita 0.02. Piseli zimeongezeka, lakini jicho la skana ni lile lile.

Machi 19. Picha za simu

Wenzetu walio mbali na skana hutuma picha za simu, na nyingi hazifai. Sababu si kamera.

Picha ya kawaida ya megapiseli 12 ina piseli 4032 kwa 3024. Ikijaza A4 barabara, upande wa milimita 297 unapata piseli 13.6 kwa milimita, kiasi cha 345 dpi. Kwa pointi 5 haitoshi. Ipigwe kwa vipande, kila kipande kisizidi sentimita 17 kwa upande mrefu, na tunafika piseli 23.7 kwa milimita, sawa na 600 kwenye karatasi.

Kisha picha inatumwa kwa programu ya ujumbe, na programu inaishusha hadi upande mrefu wa piseli 1600 hivi. Kipande kile cha sentimita 17 kinabaki na piseli 9.4 kwa milimita, nukta inakuwa chini ya piseli 2, na mbano wa JPEG unaongeza vidoa vidogo kuzunguka kila herufi. Vidoa hivyo vina ukubwa wa nukta. Maagizo sasa ni kutuma kama hati, si kama picha, na sisi tunahakiki ukubwa kabla ya kufungua kazi:

```
magick identify -format "%w x %h\n" kipande.jpg
```

Piseli zikitimia bado kuna ukali. Simu iliyoshikwa mkononi chini ya taa ya chumba ilitoa ukingo wa piseli 6 katikati, milimita 0.25, na 9 pembeni. Simu hiyo hiyo ikiwa imeegemezwa juu ya marundo mawili ya vitabu, kipima muda kimewekwa sekunde 2 ili kidole kisiitikise, karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, ilitoa piseli 4, yaani milimita 0.17. Ipo chini ya kipenyo cha nukta, kwa hiyo tunaipokea, lakini kwa eneo la katikati tu. Pembe za kila kipande zinakatwa, na vipande vinapigwa vikipandana kwa robo.

Flashi haitumiki kabisa, inachoma doa jeupe juu ya maandishi. Na kusogeza simu karibu zaidi ili "kukuza" kunaharibu: lenzi kuu ina umbali wake wa chini wa kufokasi, na baadhi ya simu zikifika hapo zinahamia lenzi pana kimyakimya, ambayo mara nyingi ni dhaifu. Dalili yake ni picha kuruka kidogo kwenye kioo wakati unasogea.

Machi 24. Nukta za uongo

Tumejaribu kunoa picha kwa programu ili tuokoe vipande vya simu vilivyokataliwa. Kunoa kunasaidia pale ukingo ulipopanuka kidogo. Ukipitiliza, nyuzi za karatasi na vumbi vinatoka kama vidoa vyeusi vilivyokamilika, na "25 mg" inasomwa "2.5 mg". Kosa hili ni la hatari kuliko nukta iliyopotea, kwa sababu mhakiki akiona nukta iliyo kali huiamini. Kinyume chake, vichujio vya kuondoa vidoa hufuta nukta za kweli. Vyote viwili vimezimwa kwa mistari yenye namba.

Badala yake kila ukurasa wenye dozi unaskaniwa mara mbili, mara ya pili karatasi ikisogezwa sentimita moja. Vumbi lililo kwenye kioo linabaki pale pale kwenye kioo, kwa hiyo linahama kutoka kwenye namba. Nukta ya kweli inakwenda na karatasi. Doa lililo ndani ya karatasi yenyewe nalo linakwenda na karatasi, kwa hilo tunaangalia kama limekaa sawasawa kwenye msingi wa mstari na kama linalingana kwa ukubwa na nukta za mwisho wa sentensi zilizo jirani.

Amri tunayotumia sasa, baada ya kadi nyeusi na 600:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa+eng --psm 6 --dpi 600 -c thresholding_method=2
```

Namba 2 pale mwisho ni njia ya Sauvola, inayoweka mpaka wa weusi na weupe kwa kila eneo peke yake. Inafaa kwa kurasa ambazo upande mmoja una giza kuliko mwingine, hasa za simu. Kwa kurasa za skana zilizolala vizuri hatukuona tofauti ya maana na njia ya kawaida.

Machi 27. Hali ilivyo

Ukurasa unapokelewa ukitimiza haya: kimo cha n kisipungue piseli 18, ukingo usizidi milimita 0.17, na thamani ya piseli ya nukta ya mwisho wa sentensi iwe imeshuka chini ya ile ya karatasi kwa angalau nusu ya mshuko wa herufi nene. Kipimo cha tatu kinachukua dakika moja kwa kila ukurasa, na ndicho kilichokataa kurasa nyingi zaidi.

Zimebaki karatasi chache ambazo kasoro iko kwenye uchapaji wenyewe. Wino umetanda, matundu ya e na a yamezibika, na nukta imeungana na tarakimu ya jirani. Hizo zinaangaliwa kwanza kwa lenzi ya kukuza mara 10, juu ya karatasi yenyewe. Nukta isipoonekana kwa lenzi, ukurasa hauskaniwi. Mfamasia anatafuta kikaratasi cha toleo jingine la uchapaji la dawa hiyo hiyo, na mstari wa dozi unaachwa wazi hadi kipatikane.